Mpango wa chakula na manunuzi, Jumamosi tarehe 22 hadi Ijumaa tarehe 28

Mpango huu ni wa watu watano, yaani sisi wazazi wawili na watoto watatu, ambao kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa hula shuleni mchana. Siku za soko ni Jumamosi na Jumatano. Ujira wa kibarua hulipwa Jumanne jioni, na mshahara unatarajiwa tarehe 28, kwa hiyo tunaanza wiki tukiwa na fedha kidogo. Fedha iliyopo sasa imegawanywa mafungu manne: matatu ni ya soko la Jumamosi, na la nne ni la gesi na dharura, wala lisiguswe kwa ajili ya kitoweo.

Stoo ilikaguliwa Ijumaa usiku kabla ya kuandika chochote. Kuna mchele kilo moja na nusu, unga wa uji kilo moja, dengu nusu kilo, chumvi na majani ya chai. Mafuta yamebaki robo chupa, na yatatosha iwapo viazi vitachemshwa badala ya kukaangwa.

Jumamosi tununue mchele kilo 1, maharagwe makavu kilo 1, viazi kilo 3, vitunguu kilo 1, unga wa uji kilo 1, kabichi moja kubwa iliyofunga vizuri, karoti nusu kilo, mboga za majani mafungu mawili, nyanya kilo 1, mayai 10 na mikate miwili. Nyanya ziwe nusu zilizoiva na nusu ngumu, ili zile ngumu zifike Jumanne. Atakayekwenda aanze na vitu vikavu, kisha azunguke, na mboga za majani azinunue mwishoni wauzaji wanapokaribia kufunga, kwa kuwa hawapendi kurudi nazo nyumbani. Kabichi isiachwe kwa ajili ya saa hizo, maana ndiyo itakayotubeba baada ya majani kunyauka.

Jumamosi mchana tutakula viazi na fungu la kwanza la mboga za majani, na jioni wali na fungu la pili, kwa sababu majani hayastahili kusubiri. Usiku huohuo nusu kilo ya maharagwe ilowekwe. Jumapili asubuhi maji hayo yamwagwe, na maharagwe yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi kabla ya kupunguza moto, kisha yaive kabisa. Nusu yake italiwa mchana na wali, na nusu nyingine, ikishapoa, iingie kwenye friji hadi Jumatatu jioni, itakapopashwa moto hadi ichemke na kuliwa na viazi na kabichi. Jumapili jioni ni supu ya karoti na kabichi pamoja na mkate, na ipikwe ya kutosha ili sisi wakubwa tubebe kazini Jumatatu.

Jumanne jioni ni wali na dengu. Mchele uwe gramu 500 badala ya 400 za kawaida, ili zipatikane sahani mbili za Jumatano mchana. Wali huo uwekwe kwenye friji mara tu unapopoa, usilale mezani.

Jumatano, Baba watoto, ukipita sokoni na ujira wa jana yake, nunua samaki wa kutosha mlo mmoja, mboga za majani fungu moja, nyanya nusu kilo, matunda ya msimu na mkate mmoja. Bei ya samaki ikiwa imepanda, usibishane sana; waache, kwani mayai matano yatashika nafasi yao kwenye wali wa jioni. Alhamisi jioni ni viazi, kabichi iliyobaki na mayai matano. Mikate ya Jumamosi ni ya asubuhi za mwisho wa juma na ya supu, na siku nyingine zote asubuhi ni uji.

Ijumaa ndipo watu wengi hujikwaa. Mshahara unaweza kuingia asubuhi, au usiku wakati maduka yamefungwa, kwa hiyo chakula cha jioni hiyo kimehesabiwa kana kwamba haujaingia: nusu kilo ya maharagwe iliyobaki, iliyolowekwa Alhamisi usiku, pamoja na wali. Hata ukiingia mapema, hakuna kununua chakula kilichopikwa njiani.

Vitu vizito vya mwezi mzima, yaani mchele, maharagwe, mafuta, sukari, unga na sabuni, vitanunuliwa Jumamosi tarehe 29 asubuhi, baada ya kodi na nauli za mwezi kutengwa. Nyama nayo itasubiri siku hiyo, na watoto wameshaambiwa.