Jamani posa imejibiwa: Mwanaidi na Salimu

Assalaam aleykum ndugu, jamaa na marafiki wa Tanga, Muheza na nyie mlioko mbali,

Tumeona bora tuseme wenyewe kabla stetasi za mawifi hazijamaliza kusema: Alhamdulillah, tumechumbiana. Ijumaa iliyopita baada ya Alasiri wazee wa Salimu walitoka Muheza wakaja kwetu Ngamiani, barua yenyewe ilishajibiwa kitambo ila siku hiyo ndo mazungumzo yalifungwa na pete ikavishwa, kwaiyo wale mliokuwa mnauliza kwa kuzungukazunguka sa mnaweza kuuliza wazi.

Msitafute picha yetu wawili, haipo. Pete nilivishwa na mama mkwe, ndani, tuko wanawake watupu, udi umetanda mpaka macho yanawasha, na Salimu mwenyewe alikuwa kwao Muheza anasubiri simu. (Salimu hapa. Sikuwa nasubiri, nilikuwa naangalia mpira. Ila simu nilikuwa nimeishika mkononi, hilo nakubali.) Picha tuliyoweka ni ya mkono tu, na tumeiweka kwa ruhusa ya mama. Wenye picha nyingine za ndani tunawaomba mbaki nazo kwenye simu zenu, kuna mama zetu pale walikuwa wamejitanda vizuri na wengine walikuwa wameshavua mitandio wanacheza, na hawakuja kupostiwa.

Mahari nayo hatusemi. Niliitaja mwenyewe, wakwe wakaikubali bila kuvutana, basi. Kilemba cha wazee na mkaja wa mama vimefika kwa wenyewe. Anayetaka kujua bei aende akaulize kwa baba mdogo, tunamtakia kila la kheri.

Tarehe ya ndoa bado, wazee wanasema baada ya Idi ya mfungo, sisi tunasema inshaallah, ikikaa sawa mtaletewa kadi, na hakuna gurupu la michango kwa sasa hivi, ukiona umeungwa popote kwa jina letu toka tu.

Sasa shukrani. Hapa ndo tulibishana, nani aanze, upande wa mwanamke au wa mwanamume, mwisho tukasema anaanza mkubwa kwa umri, na huyo ni bibi yake Salimu. Bibi, safari hukuiweza lakini umenitumia doti ya kanga na salamu kwamba karibu mke mwenzangu, nimecheka mpaka nikalia. Maneno ya kanga hiyo siyaandiki hapa, yale ni ya kwangu na wewe, ila nimeyasikia bibi.

Baba mdogo, tangu baba yetu atangulie mbele ya haki wewe ndo umesimama, na kwenye hili hukusimama kwa jina tu, ulienda Muheza mwenyewe kimyakimya ukamuulizia Salimu msikitini, ukauliza kwa wateja wake wa friji, ukarudi hukusema kitu mpaka siku ya tatu ndo ukaniita ukaniuliza mimi kama nimeridhia. Uliuliza kwanza mimi. Hilo sitalisahau.

Mama, pilau ile wageni bado wanaisema, na mashangazi mliokesha mnachambua mchele na kupukuta vitanda, Mungu awalipe, na shangazi mkubwa tunajua magoti yanakusumbua na bado ulikataa kukaa.

(Salimu tena.) Upande wangu, baba na mama, asanteni kwa kukubali mkubwa wenu aoe mjini Tanga wakati mlishaanza kunionesha mtu jirani hapohapo. Mlinisikiliza. Na lile tenga la machungwa mlilolibeba, mama mkwe ameniambia majirani wote wamegawiwa. Mjomba, uliyekopa Noah ya rafiki yako ili wazee wasibanane kwenye daladala, mafuta nitarudisha, usikatae.

Na mshenga wetu! Hatukutaji jina mana mwenyewe umekataa, umesema mshenga akisifiwa sana kabla ya ndoa anapewa na lawama zote baada ya ndoa. Sawa. Lakini wewe ndo ulikuwa unabeba maneno makali huku ukiyafikisha yamelainika, tumekuja kujua baadaye tulipolinganisha, na huko mbele tutakutafuta tena kwa mengine.

Tuombeeni dua, na mwenye nasaha atupigie, asituandikie kwenye maoni. Mwanaidi hapokei simu mpaka hina ikauke vizuri, kwaiyo za leo pigeni kwa Salimu.

Mwanaidi na Salimu
Tanga