Ombi la kusimamisha kwa muda maombi yangu ya kazi kwa sababu ya msiba wa baba

Ujumbe wa simu
Jumanne, 12 Agosti, saa 11:40 alfajiri

Dada Upendo, habari za alfajiri. Nisamehe kwa kukuandikia saa hizi. Baba yangu amefariki usiku wa kuamkia leo, Hospitali ya Bombo, Tanga. Niko njiani na shemeji, tumeshapita Chalinze. Maziko ni leo baada ya swala ya alasiri, Pangani. Usaili wa keshokutwa Alhamisi sitaweza kufika. Sijajitoa. Nitakuandikia kwa kirefu nikipata utulivu. Kama mkurugenzi hajasafiri kutoka Lusaka, naomba umjulishe mapema. Mwanaidi, nafasi ya Msimamizi wa Mizigo ya Transiti.

Barua pepe
Jumamosi, 16 Agosti
Yah: Ombi la kusimamisha maombi yangu hadi Jumatatu, 15 Septemba. Msimamizi wa Mizigo ya Transiti

Dada Upendo,

Asante kwa kunipigia Jumanne. Sikuweza kupokea, tulikuwa tunatoka makaburini, lakini ujumbe wako niliusoma usiku na nikamsomea mama. Amesema nikushukuru.

Baba alipata kiharusi Jumamosi iliyopita. Alikaa Bombo siku mbili. Tumemzika Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, karibu na wazazi wake, na matanga tumeanua juzi. Nakuandikia kwa simu nikiwa hapa kwenye kivuko, maana nyumbani mtandao unakatika. Ukiona nimekosea mahali, sababu ni hiyo.

Ninachoomba ni hiki: maombi yangu yasimame kuanzia sasa hadi Jumatatu, 15 Septemba, kisha yaendelee pale yalipofikia, yaani usaili wa mwisho. Mtihani wa kuandika nilishafanya tarehe 28 Julai, na usaili wa kwanza tarehe 5 Agosti. Naomba hatua hizo mbili zibaki zilivyo, nisianze upya.

Nimeona nikueleze kwa nini mwezi mzima, maana najua anayesoma akiwa ofisini anaweza kujiuliza, mazishi si yamekwisha? Yamekwisha. Lakini mimi ndiye mtoto wa kwanza, na wadogo zangu wawili bado wanasoma. Mama ameingia eda, miezi minne na siku kumi, na hatuwezi kumwacha peke yake na nyumba na shamba la minazi. Shangazi atahamia kwetu mwishoni mwa mwezi huu, kwa sasa yuko Korogwe na mgonjwa wake. Mpaka afike, wa kukaa na mama ni mimi. Pia kikao cha ukoo cha jana kimenipendekeza niwe msimamizi wa mirathi. Lazima nifuatilie cheti cha kifo wilayani, nipate muhtasari wa kikao ukiwa na sahihi za wote, kisha nifungue shauri Mahakama ya Mwanzo. Mambo haya hayafanyiki kwa simu, na aliyewahi kuyafanya anajua kwamba siku moja ya kukosa sahihi ya mjomba mmoja hugeuka wiki.

Kuhusu kazi niliyonayo sasa, sitaki nikufiche. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku nne za malipo akifiwa na mzazi, na zangu zimeisha jana. Mwajiri amenikubalia siku 14 zilizobaki kwenye likizo yangu ya mwaka. Kwa hiyo Jumatatu, 1 Septemba nitakuwa nimerudi Dar es Salaam na niko kazini. Wiki mbili za kwanza nitakuwa na viporo vya wiki tatu mezani, na kusema kweli sitakuwa na akili ya kukaa mbele ya jopo na kueleza mambo kwa mpangilio. Nikija mapema kuliko hapo nitakuja nusu. Sipendi mnipime nikiwa nusu, na nadhani hata ninyi hampendi.

Jambo jingine linanikera tangu Jumanne, ngoja nilitoe. Lile zoezi mlilotutumia tukajiandae nalo, la kontena 12 za kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa, nilikuwa nimeshalifanya zaidi ya nusu. Nilikuwa nimefika kwenye dhamana: mzigo ambao uthibitisho wake wa kutoka nchini haujaonekana kwenye mfumo, dhamana haijafunguliwa, na mteja ana mzigo mwingine unaosubiri bandarini. Wenzangu walikuwa na siku tano za kulifikiria. Mimi nikija Septemba nitakuwa na zaidi ya mwezi. Haitakuwa haki kwao. Naomba mnipe zoezi jingine, na mniletee siku zilezile tano kabla. Lile la kwanza sitaligusa.

Ninachoweza kufanya hata sasa: kujibu barua pepe, ingawa inaweza kuchukua siku mbili, kutuma vyeti, cheti changu cha forodha kikiwemo, kwani nakala zote ziko kwenye simu, na kuwapa wadhamini wangu taarifa kwamba mtawapigia. Wote watatu wanajua kuhusu msiba. Nisichoweza: usaili wa video. Najua ulilitaja hilo kwenye ujumbe wako kwa nia njema. Hapa nyumbani watu wanaingia na kutoka kumpa mama pole, na siwezi kuwafungia mlango.

Mkihitaji uthibitisho wa msiba, nitawatumia nakala ya cheti cha kifo kikitoka. Sitaona vibaya kuombwa.

Naelewa vilevile kwamba nafasi si yangu, na mteja wenu mnayemtafutia mfanyakazi ana mizigo inayotembea kila siku. Kama hawezi kusubiri hadi katikati ya Septemba, naomba uniambie waziwazi, hata kwa sentensi moja. Nitaumia kidogo, lakini nitajua nimesimama wapi. Ikiwa nafasi itajazwa, naomba jina langu libaki kwenye kumbukumbu zenu kwa nafasi nyingine za forodha na usafirishaji.

Nitakuandikia Jumatatu, 8 Septemba, kukuthibitishia kama tarehe 15 niko tayari. Huna haja ya kunikumbusha.

Baba aliuliza habari za usaili huu kila siku. Ijumaa jioni, siku moja kabla ya kuanguka, alinipigia kuuliza kama viatu nimeshavipeleka kwa fundi. Nilikuwa nimevipeleka. Bado viko kwa fundi, Kariakoo.

Nifikishie samahani zangu kwa mkurugenzi kama alishakata tiketi.

Mwanaidi

Jibu
Jumanne, 19 Agosti

Dada Mwanaidi,

Pole sana tena, na mpe mama pole zetu. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

Nimezungumza na mteja. Mkurugenzi alipata ujumbe wako wa Jumanne kabla ya kuondoka Lusaka, kwa hiyo hakuna hasara uliyomsababishia. Wenzako watatu walifanyiwa usaili Alhamisi kama ilivyopangwa, na sikufichi, mmoja wao alifanya vizuri. Hata hivyo mteja amekubali kutotoa uamuzi hadi akuone, ilimradi isizidi Jumatano, 17 Septemba, saa nne asubuhi, ofisi za hapa Dar. Baada ya siku hiyo hataweza kusubiri. Hatua zako mbili za mwanzo zinabaki zilivyo. Zoezi jipya utaletewa Ijumaa, 12 Septemba. Hilo la zoezi tusingelifikiria sisi, asante.

Uthibitisho hatuhitaji. Usijibu barua hii, kaa na mama. Tutasubiri ya tarehe 8.

Upendo

Barua pepe
Jumatatu, 8 Septemba
Yah: Niko tayari kuendelea na maombi yangu. Msimamizi wa Mizigo ya Transiti

Dada Upendo,

Habari za tangu siku ile. Naandika kama nilivyoahidi: niko Dar es Salaam, nimerudi kazini tangu tarehe 1, na nathibitisha kwamba Jumatano, 17 Septemba, saa nne asubuhi nitafika kwenye usaili. Naomba maombi yangu yaendelee kuanzia leo.

Shangazi yuko Pangani na mama. Cheti cha kifo kilitoka tarehe 22 Agosti na shauri la mirathi limefunguliwa. Limepangiwa kusikilizwa Novemba, na siku hiyo lazima nifike mwenyewe mahakamani. Nakuambia mapema ili mteja alijue hata kabla ya kufanya uamuzi: popote nitakapokuwa nafanya kazi, nitahitaji ruhusa ya siku mbili, moja ya safari na moja ya mahakama. Khitma ya arobaini ni Jumamosi, 20 Septemba, haiingiliani na chochote. Zaidi ya hayo sina udhuru mwingine ninaoujua.

Kama nitapewa kazi, notisi yangu kwa mwajiri wa sasa ni siku 28, hilo halijabadilika tangu tulipozungumza mara ya kwanza.

Zoezi nalisubiri Ijumaa. Naomba lije kwa barua pepe hii hii, na kama kuna jedwali zitume kama faili za kawaida zisizohitaji nywila, maana kompyuta ya nyumbani ni ya zamani. Lile la Lubumbashi nililifuta nikiwa bado Bweni, nisije nikashawishika.

Swali moja tu. Kwenye usaili wa kwanza niliambiwa jopo litakuwa la watu watatu. Je, bado ni walewale? Nataka nijue kama nijieleze upya tangu mwanzo au niendelee pale tulipoachia kuhusu magari yanayokwama foleni ya Tunduma. Nilikuwa na la kuongeza pale, muda ukaisha.

Nakushukuru kwa ile sentensi uliyoandika kwamba mmoja wa wenzangu alifanya vizuri. Ulikuwa na nafasi ya kutoiandika. Niliisoma nikiwa nimekaa na mama ukumbini, nikajua kwamba nilichoambiwa chote ni cha kweli, na usiku ule nililala.

Viatu nimevichukua kwa fundi leo mchana.

Mwanaidi