Utaratibu wa karatasi: ripoti ya siku isipotoka kwenye mfumo

Unamhusu karani wa kumbukumbu za wagonjwa aliye zamu na mwenzake wa mapokezi.

Lini uanze

Ripoti ya siku hutoka yenyewe saa 11:30 jioni. Ikifika saa 12:00 haijatoka, anza utaratibu huu. Usiendelee kusubiri, kwa kuwa msimamizi wa zamu anaihitaji kabla ya saa 1:30 usiku. Ripoti iliyotoka ikiwa na sifuri kila safu, au yenye tarehe ya jana juu, ihesabu kuwa haijatoka. Hii ya jana ndiyo inayopita machoni mwa watu, kwa sababu tarakimu zake zinaonekana za kawaida kabisa.

Kwanza tambua kilichokosekana. Fungua orodha ya mahudhurio ya leo. Ikifunguka na wagonjwa wamo, taarifa zipo, ni ripoti tu iliyokwama: hesabu kutoka kwenye orodha hiyo, jaza fomu ya majumuisho, na usimpe mgonjwa yeyote nambari ya muda. Isipofunguka, hesabu kutoka kwenye rejesta ya karatasi.

Mfumo ukizimika mchana

Toa jalada jekundu kwenye droo ya mapokezi. Lina kurasa 10 za rejesta zenye mistari 25 kila moja, fomu 3 za majumuisho na kalamu 2 za wino. Penseli haitumiki.

1. Juu ya ukurasa wa kwanza andika tarehe, saa mfumo ulipozimika, na jina la mgonjwa wa mwisho aliyeingizwa. Bila jina hilo, mgonjwa wa mpakani huhesabiwa mara mbili au hupotea kabisa.
2. Kila mgonjwa mstari mmoja: jina kamili, umri, jinsi, mpya au marudio, huduma aliyojia, saa.
3. Mwenye kadi, nakili nambari iliyo kwenye kadi yake. Asiye nayo mpe nambari ya muda: herufi D, siku na mwezi, kisha namba ya mfuatano. Mgonjwa wa saba wa tarehe 14 Machi ni D-1403-07.
4. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka na utie saini fupi pembeni. Usifute wala kupaka rangi nyeupe.

Mfumo ukirudi katikati ya zamu, malizia siku kwenye karatasi. Kuhamahama ndiko kunakozaa majina yanayokaa pande zote mbili.

Kuhesabu

Hesabu watu, si vituo walivyopita. Aliyeonwa na daktari, akaenda maabara, kisha akachukua dawa ni hudhurio moja. Vipimo vina safu yake. "Mpya" ni aliyekuja kwa tatizo hili kwa mara ya kwanza, hata kama kadi yake imechakaa. Hapo ndipo karani mgeni huteleza.

Karani wa kwanza anahesabu kwa vijiti, vinne vilivyosimama na cha tano kikivikata. Wa pili anahesabu upya kutoka kwenye rejesta bila kuona jibu la mwenzake. Mfano: kurasa 3 zilizojaa na mistari 11 ni 86, mstari mmoja umekatwa, wanabaki 85. Wapya 52 na marudio 33 ni 85. Chini ya miaka 5 ni 29, miaka 5 na zaidi ni 56, nao ni 85. Jumla ya umri ikitoka 84, kuna mstari usio na umri. Utafute, usiongeze moja ili hesabu ikae sawa.

Jaza fomu ya majumuisho: mahudhurio, wapya na marudio, umri, vipimo, rufaa, vifo. Pasipo na mgonjwa andika 0, maana nafasi tupu husomeka kama kazi isiyomalizika. Makarani wote wawili watie saini na saa. Ugonjwa wa kutolewa taarifa mara moja usingoje fomu: mwambie msimamizi papo hapo.

Mfumo ukirudi

Ingiza kila mstari wa rejesta, mmoja akisoma, mwingine akiandika. Tazama sehemu ya tarehe ya huduma: mfumo hujaza tarehe ya leo wenyewe. Ukiiacha, siku ya hitilafu itaonekana haina wagonjwa na siku inayofuata itaonekana imefurika. Kabla ya kumfungulia faili mwenye nambari ya D, mtafute kwa jina na umri. Wengi wana faili tayari, walisahau kadi tu. Andika nambari ya kudumu kando ya ile ya muda.

Kisha toa ripoti ya siku ile na uilinganishe na fomu. Zikitofautiana, usiguse fomu iliyosainiwa. Tuma ripoti mpya yenye neno MAREKEBISHO juu pamoja na sababu, la sivyo mpokeaji atajumlisha zote mbili. Rejesta na fomu zifungiwe kabatini, na jalada jekundu lijazwe upya kabla zamu haijaisha.