Barua kwa mnunuzi: kasoro za nyumba ya Tabata Kisiwani

Dar es Salaam, 14 Juni 2025

Baba Brayani,

Salamu nyingi kwako na kwa Mama Brayani.

Jumamosi mlipokuja kuangalia nyumba, uliuliza mbona soketi za umeme ziko juu, usawa wa kifua. Dalali akakurukia na jibu kwamba ni kwa usalama wa watoto. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kumenikera wiki nzima. Soketi ziko juu kwa sababu ya maji.

Desemba 2011, ile mvua iliyofurisha Bonde zima la Msimbazi, maji yaliingia ndani ya nyumba hii usiku na kufika juu kidogo ya goti langu. Yalikaa karibu siku mbili. Tulipoteza magodoro, friji na kabati la mbao za kukandamiza, likavimba kama mkate. Baada ya hapo marehemu mume wangu alihamisha nyaya zote juu na kuongeza ngazi mbili mlangoni. Aprili 2018 maji yaliingia tena, safari hii kupitia jikoni, yakaishia kwenye kifundo cha mguu, na tukayafagia siku hiyohiyo. Masika ya 2024 yalijaa uani lakini hayakuvuka kizingiti. Mbali na hizo, sikumbuki mara nyingine yalipoingia ndani. Majirani wa pande zote mbili ni wa zamani, waulize bila mimi kuwepo.

Alama ya 2011 bado ipo. Chumba cha nyuma, ukisogeza kabati, utaona mstari wa kahawia ukutani. Dalali alinishauri nipake rangi kabla hamjaja, nikakataa.

Sasa ufa. Uko chumba hichohicho, unaanzia kona ya chini ya dirisha na kushuka kwa mshazari hadi sakafuni. Juu ni mwembamba, chini unapanuka kiasi kwamba kadi ya benki inaingia. Nje ya ukuta unauona pia, kwa hiyo si plasta peke yake iliyopasuka. Chumba hicho tulikiongeza 2009, na kona ile imekalia shimo la choo cha zamani tulilolijaza kifusi. Fundi aliyeangalia anasema kifusi kinashuka na msingi unakifuata. Hilo ni neno la fundi wa mtaani. Hakuna mhandisi aliyewahi kupima.

Machi 2022 nilianza kuweka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa, na tarehe pembeni. Utaziona. Hadi baada ya masika ya 2024 ulikuwa umerefuka sentimita 4, na tangu hapo haujapita alama ya mwisho. Siwezi kukuahidi kwamba umetulia. Niliuziba mara moja kwa saruji, ukafunguka palepale, nikauacha wazi ili anayekuja auone.

Nyufa nyingine za sebuleni, nyembamba kama unywele, ni za plasta tu, sijaona zikibadilika. Paa halivuji. Karo linajaa upesi wakati wa mvua, na mwezi Aprili au Mei huwa nalipia gari la maji taka.

Kuhusu mto: tulipima kwa futi kamba kutoka ukuta wa nyuma hadi ukingoni, tukapata mita 110. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, kwa hiyo leo tuko nje ya mpaka huo. Ila mto unakula ukingo. Mwembe uliokuwa upande wetu nilipohamia, sasa haupo.

Bei niliyotaja mwanzo ilikuwa milioni 110. Kwa haya niliyoandika nimeshusha hadi milioni 96. Ukitaka kuleta mhandisi wako, chumba nitakifungua siku yoyote, hata akitaka kuchimba pembeni ya msingi aone kina chake. Hela ya udhamini usitoe kabla ya hapo, hata dalali akikuambia kuna mtu mwingine anakuja na fedha taslimu. Hakuna.

Nimemwomba mwanasheria aweke kipengele hiki kwenye mkataba wa mauziano:

"Muuzaji amemweleza mnunuzi kwa maandishi, kabla ya malipo yoyote, kwamba nyumba iliingiwa na maji Desemba 2011 na Aprili 2018, na kwamba ukuta wa chumba cha nyuma una ufa unaopita hadi nje, ambao chanzo chake hakijathibitishwa na mhandisi. Mnunuzi ameziona kasoro hizi kwa macho yake, na bei imezingatia hali hiyo."

Mwanasheria alitaka tuandike "nyumba inauzwa kama ilivyo", basi. Maneno hayo yangenifaa mimi kuliko wewe, ndiyo maana nimeng'ang'ania haya marefu.

Jumapili baada ya ibada nipo nyumbani. Njoo na mtu wako, kabati nitakuwa nimeshalisogeza.

Mama Zuhura
Mwenye nyumba