Jumamosi saa tatu usiku uwe wangu

Mambo mrembo wa Mafinga, umeshafunga duka? Mwenzio niko hapa Uyole baridi inanikata na kilichonipa joto leo nzima ni ile voisi noti yako ya asubuhi, hasa pale mwishoni ulipocheka kidogo halafu ukakata, nimeirudia mpaka mdogo wangu kaninyang'anya simu.

Sasa sikia. Kuja huko ni basi moja tu napita Makambako nateremka kwako, ila mzee hawezi kuniachia kabla viazi havijatoka shambani, na mimi kusubiri yote hayo bila kuuona uso wako siwezi, nakwambia ukweli. Kwa hiyo naomba Jumamosi saa tatu usiku tuonane kwa vidio kwenye Watsap. Bando nimeshaweka, nyingine nakurushia wewe mchana ili usije ukaniambia limekata tukiwa tumenoga 😊

Mimi nachoma mahindi, we pika ile chai yako ya tangawizi unayojisifia, tunakula pamoja. Vaa lile sweta la njano la kwenye profaili, lile linaloteleza begani kidogo, usilipandishe jamani. Na kaa karibu na taa, nataka kuona kama hicho kishimo cha shavuni ni cha kweli.

Kama hujisikii kuwasha kamera sema tu mama, tutapiga stori hivyo hivyo. Ila utanionea huruma uwashe, si ndio? Nijibu kabla hujalala.