YAH: MALALAMIKO DHIDI YA KAMPUNI YA BIMA ILIYOKATAA ISIVYO HALALI MADAI YA BIMA YA MOTO YA KIWANDA CHA KUKAMUA ALIZETI, SINGIDA

Singida, 11 Novemba 2024

Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania,
DODOMA.

Ndugu Kamishna,

Somo la barua hii lahusika. Mimi ni wakili wa kujitegemea na ninaandika kwa niaba ya mama mmoja mjasiriamali, mkazi wa Manispaa ya Singida, ambaye humu nitamwita Mteja. Hati inayonipa idhini ya kumwakilisha ni Kiambatisho 1. Jina lake, jina la mtoa bima (nitakayemwita Kampuni) na namba ya hati ya bima yamo kwenye fomu ya malalamiko iliyoambatishwa. Shauri hili halijafunguliwa mahakamani wala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mteja anamiliki kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya alizeti. Alikikatia bima ya moto kupitia benki inayomkopesha, ambayo pia ni wakala wa Kampuni, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu mfululizo bila kudai hata shilingi moja. Hati inayohusika ilianza 1 Februari 2024 na mwisho wake ni 31 Januari 2025. Premiamu ya Sh 1,085,600, pamoja na VAT, ililipwa yote kabla bima haijaanza, na stakabadhi ni Kiambatisho 2. Jengo lilikatiwa bima ya Sh milioni 60, mashine Sh milioni 52, na mbegu, mafuta na mashudu Sh milioni 72.

Usiku wa 8 Julai 2024, katikati ya msimu wa mavuno, mota inayoendesha mashine ya kukamua ilipata shoti. Ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji (Kiambatisho 3) inasema moto ulianzia kwenye kisanduku cha nyaya za mota, ukarukia mkanda wa mashine, kisha ukashika magunia ya mbegu yaliyopangwa ukutani. Kutoka hapo ulifika kwenye madumu ya mafuta, na anayejua mafuta ya alizeti anajua kilichofuata. Paa la upande wa nyuma liliporomoka. Fundi wa zamu alitoka salama.

Asubuhi ya 9 Julai Mteja alimpigia simu ofisa wa bima wa benki na kumtumia picha kwa WhatsApp. Tarehe 11 Julai alijaza fomu ya madai na kuikabidhi, nayo ikagongwa muhuri wa kupokelewa (Kiambatisho 4). Mtathmini wa hasara aliyeteuliwa na Kampuni yenyewe alifika 15 Julai na kukabidhi ripoti yake 21 Agosti.

Naomba ripoti hiyo, Kiambatisho 5, isomwe kwa makini, kwa sababu aliyeiandika hakuchaguliwa wala kulipwa na Mteja. Alikuta hasara ya jengo ni Sh 21,400,000 na ya mashine Sh 38,200,000, baada ya kuondoa thamani ya mabaki. Mbegu na bidhaa zilizoungua zilikuwa za Sh 64,000,000, lakini bidhaa zote zilizokuwemo siku hiyo zilikuwa na thamani ya Sh milioni 80 wakati bima ilikuwa ya milioni 72. Kwa hiyo alipunguza kwa uwiano huo hadi Sh 57,600,000. Magunia 41 ya wakulima waliokuwa wakisubiri kukamuliwa hakuyahesabu kabisa. Kwenye jumla ya Sh 117,200,000 akaitoa mota iliyopata shoti, yenye thamani ya Sh 3,850,000, kisha akaondoa asilimia 5 ambayo mwenye bima hujibebea mwenyewe. Akapendekeza Mteja alipwe Sh 107,682,500. Mteja amekubali makato hayo yote. Haombi zaidi ya alichosema mtaalamu wa Kampuni.

Tarehe 20 Septemba Kampuni ilimwandikia kwamba madai yake yote yamekataliwa (Kiambatisho 6). Sababu kuu ni kifungu cha 6(b) cha hati ya bima, ambacho barua hiyo ilikinukuu kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili kinasema kwamba bima haihusu "hasara au uharibifu wa mashine, kifaa au mtambo wowote wa umeme unaotokana na shoti, mkondo wa umeme uliozidi, kujipasha joto au kuvuja kwa umeme". Nukuu ya Kampuni iliishia hapo na kufungwa kwa nukta.

Kwenye hati ya bima yenyewe, ukurasa wa 9 (Kiambatisho 7), mahali hapo hapana nukta. Pana mkato, na sentensi inaendelea: "isipokuwa kwamba katazo hili litahusu tu mashine, kifaa au mtambo ule uliopata hitilafu hiyo, na halitahusu mashine nyingine wala mali nyingine itakayoharibiwa na moto uliosababishwa nayo."

Ndugu Kamishna, shauri zima liko kwenye nusu hii ya sentensi. Kifungu hakikuandikwa kuzuia moto ulioanza kwa umeme. Kimeandikwa ili bima ya moto isigeuzwe kuwa bima ya kuharibika kwa mashine: mota ikiungua kwa shoti yake yenyewe, mwenye mota ajinunulie nyingine, lakini moto ukitoka kwenye mota hiyo na kuteketeza nyumba, nyumba inalipwa. Ni kifungu cha kawaida katika bima za moto, na mtu yeyote aliyekaa kwenye dawati la madai anakifahamu. Mtathmini alikifuata neno kwa neno alipoitoa mota peke yake na kuacha vingine vyote. Picha namba 14 katika ripoti yake inaonyesha mpaka huo waziwazi: waya wa shaba wa mota umeyeyuka na kugandamana kwa ndani, ilhali kinu cha kukamulia kilicho hatua mbili kutoka hapo kimeungua kutoka nje kwenda ndani, rangi ya upande unaotazama magunia imebabuka na upande wa pili bado ni ya kijani.

Siwezi kusema kama sentensi ilikatwa kwa uzembe au kwa makusudi. Ninachosema ni kwamba mama huyu alipewa barua yenye nembo na muhuri, ikamwambia hati yake inasema jambo ambalo haisemi. Benki ilikuwa imemkabidhi cheti cha bima cha ukurasa mmoja tu. Kijitabu cha masharti alikipata Septemba, baada ya kukidai kwa maandishi. Asingekidai, angeamini.

Sababu ya pili katika barua hiyo ilikuwa kuchelewa kutoa taarifa. Masharti yanataka taarifa itolewe mara moja na maelezo kamili ya maandishi yaletwe ndani ya siku 14. Simu ilipigwa asubuhi iliyofuata na fomu ikafika siku ya tatu. Kama wakala alichelewa kuipeleka Kampuni, taarifa aliyopewa wakala wakati wa kazi yake ni taarifa iliyomfikia aliyemtuma.

Tarehe 2 Oktoba niliiandikia Kampuni kuomba ipitie upya uamuzi wake, nikainukuu sentensi yote (Kiambatisho 8). Jibu lake la 28 Oktoba (Kiambatisho 9) halikugusa hata neno moja la sehemu iliyoachwa. Suala la kuchelewa nalo lilitoweka kimyakimya. Mahali pake pakaja mambo mawili mapya.

La kwanza, kwamba "bila hitilafu ya mota moto usingetokea". Ni kweli, na hakuna anayebisha. Lakini hiyo ndiyo hali ambayo nusu ya pili ya sentensi imeandikwa kuishughulikia. Inazungumzia moto uliosababishwa na hitilafu ya umeme, na inasema mali nyingine iliyoungua kwa moto huo haimo kwenye katazo. Kuirudia nusu ya kwanza kwa maneno mengine hakuifuti ya pili. Na hata kama maneno yangekuwa na utata, kanuni inayokubalika katika sheria ya mikataba ni kwamba utata husomwa dhidi ya aliyeuandika mkataba. Tena anayejikinga nyuma ya katazo ndiye mwenye wajibu wa kuthibitisha kwamba linamhusu anayedai.

La pili, kwamba Mteja hana daftari la bidhaa. Daftari lilikuwa kiwandani, likaungua na kiwanda. Badala yake mtathmini alipewa stakabadhi za ushuru wa mazao kutoka halmashauri kwa kila mzigo wa mbegu ulioingia, risiti za EFD za mauzo, na taarifa ya malipo ya simu kwa wakulima kuanzia Mei hadi siku ya moto. Alizilinganisha, akaeleza hesabu yake kwenye ukurasa wa 11 hadi 16 wa ripoti, na akaridhika. Kampuni haijasema ni tarakimu ipi kati ya hizo isiyo sahihi.

Wakati barua hizi zinakwenda na kurudi, mkopo wa Mteja unaendelea kudaiwa na benki ileile iliyomuuzia bima. Vijana sita waliokuwa wakifanya kazi hapo wametawanyika. Mvua za Singida zinakaribia, wakulima watapanda, na mavuno yajayo yataanza kuingia mwezi Mei. Mashine inapaswa kuagizwa, kusimikwa na kujaribiwa kabla ya hapo. Akikosa msimu wa pili, wakulima watahamia kwa wakamuaji wengine na kiwanda hakitafufuka hata akilipwa baadaye. Nimekaa naye kwenye magofu hayo, na nakuomba uharaka huu uzingatiwe.

Kwa mamlaka uliyonayo chini ya Sheria ya Bima, Sura ya 394, ikiwa ni pamoja na jukumu la kulinda maslahi ya wenye bima, naomba:

Kwanza, Kampuni itakiwe kueleza kwa maandishi, ndani ya muda utakaoupanga, ni kwa vipi kifungu cha 6(b) kikisomwa chote kinazuia malipo ya kitu chochote zaidi ya mota moja. Swali ni hilo tu, na lijibiwe hilo.

Pili, ikishindwa, iagizwe kumlipa Mteja Sh 107,682,500 kama ilivyopendekezwa na mtathmini wake, bila kumtaka asaini hati ya kuondoa madai mengine yanayotokana na ucheleweshaji. Ikiwa ina ubishi wa kweli juu ya bidhaa, basi sehemu ya jengo na mashine isiyobishaniwa ilipwe sasa.

Tatu, Mamlaka ikague barua za kukataa madai ya moto ambazo Kampuni imezitoa kwa kutumia kifungu hiki, ionekane kama wapo wengine waliopelekewa sentensi iliyokatwa.

Nne, ufuatiliwe utaratibu wa wakala wa kumpa mwenye bima cheti bila masharti.

Mteja yuko tayari kuitwa Dodoma siku yoyote. Mabaki ya mota yamehifadhiwa stoo kwake, hayajaguswa tangu mtathmini alipoyawekea lebo, na yanaweza kukaguliwa wakati wowote.

Wako katika utumishi wa haki,

Wakili wa Kujitegemea, Singida
Kwa niaba ya Mlalamikaji

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji wa Kampuni husika; Meneja wa tawi la benki, Singida; Mlalamikaji.