Kuhusu michoro ya Darasa la Tano na modeli ya klabu ya TEHAMA

Mwalimu Zainabu, salaam. Habari za tangu juzi?

Nimeupitia ujumbe wako wa kuuliza kama michoro ya Darasa la Tano tuitumie kuifundishia kompyuta modeli ya klabu ya TEHAMA, pamoja na bahasha ya michoro uliyoniachia kwa mwalimu wa zamu. Jibu langu: majahazi, mikorosho na mijusi ya Tendaguru tuifundishie modeli, wazazi wakishasaini. Michoro ya "Nyumbani kwetu" tusiipeleke kabisa, hata wakisaini.

Nianze na hiyo ya pili, maana ndiyo iliyonikosesha raha. Wewe uliwaambia wachore nyumbani, nao wamechora kweli. Yumo aliyechora baba amelala mlangoni na chupa pembeni. Yumo aliyechora kitanda kimoja na watu sita. Wavulana wawili wamechora jandoni, na mmoja amechora vitu ambavyo, wewe ukiwa mtu wa huku Lindi, unajua havitakiwi kuonekana na asiyehusika. Watoto hao walikuwa wanakuchorea wewe mwalimu wao. Na mzazi akisaini fomu ya "michoro ya mwanafunzi" hatajua kwamba amesaini na hiyo ya chupa. Huyo mtoto wa chupa naomba tumzungumze pembeni na mwalimu wa malezi. Hilo halihusiani na kompyuta.

Sasa hiyo mingine. Jahazi peke yake halimtambulishi mtu, lakini wetu wameandika jina, darasa na mtaa kwenye kona, kama tulivyowazoesha wenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti, na hizo zinataka ridhaa ya maandishi. Kauli ya mkutano wa wazazi, "sawa mwalimu, endeleeni", haitoshi. Halafu kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999: mchoro ni wa aliyeuchora, awe na miaka kumi au hamsini. Sisi tumetoa karatasi na penseli tu.

Fomu nitaiandika mimi, nusu ukurasa, Kiswahili cha kueleweka, mwalimu mkuu aweke mhuri. Itaje michoro ipi, inatumika kwa kazi gani, inakaa wapi, na kwamba mzazi anaweza kukataa bila mtoto kupoteza alama wala nafasi kwenye klabu. Watoto nao waulizwe, ila usiwaulize wote kwa pamoja darasani. Ukisema "nani hataki?" mbele ya wenzao, nani atanyoosha mkono? Mwite mmoja mmoja wakati wa kusahihisha madaftari.

Kuhusu chombo chenyewe, umesema ni kile cha Teachable Machine. Hapo nimepumua kidogo, kwa sababu mafunzo yanafanyika ndani ya kompyuta yetu kwenye kivinjari, picha hazilazimiki kutoka. Ila ukibonyeza `Save project to Drive`, picha zinakwenda kukaa mtandaoni. Tumia `Download project as file`, faili libaki kwenye kompyuta ya maabara. Na `Upload my model` usiiguse: hiyo inaweka modeli mtandaoni, na yeyote mwenye kiungo anaweza kuitumia. Zile huduma nyingine za mtandaoni ambazo vijana wa klabu wanazitaja, unazopandisha picha ukaandikiwa maelezo, hizo hapana kwa sasa. Mchoro ukishaingia kwenye mafunzo ya modeli ya watu wengine, kufuta picha yako hakufuti kilichokwisha kujifunzwa. Kwetu mzazi akibadili mawazo tunatoa mchoro, tunafundisha upya, dakika chache tu.

Nimecheka kuona mijusi ya Tendaguru imechorwa na mikia mirefu kuliko karatasi. Mifupa yenyewe ilichimbwa hapa kwetu kati ya 1909 na 1913 ikapelekwa Berlin, na mpaka leo mkubwa wao amesimama huko makumbusho. Babu zetu waliibeba vichwani hadi bandarini Lindi. Sidhani kama kuna aliyewapa fomu.

Kazi iliyobaki: kona zenye majina tuzikate kabla ya kupiga picha, nyuma ya kila mchoro tuandike namba, na orodha ya namba na majina ikae kabatini kwa mwalimu mkuu. Kwenye simu uzime mahali katika mipangilio ya kamera, la sivyo picha inabeba mpaka eneo ilipopigiwa. Usizitume kwenye kundi la walimu la WhatsApp, hata kwa kutuonyesha tu.

Michoro ya "Nyumbani kwetu" nimeitenga kwenye bahasha ya kaki, nitakukabidhi mkononi Ijumaa baada ya kipindi cha nne. Njoo na mkasi, wangu watoto wameupoteza.

Wako,
Mwl. Rashidi